Kupandisha, kubana au kunyima: namna tatu za kuandika prikorasi

Kuna malalamiko ambayo nayasikia sana kutoka kwa waandishi wa nyimbo: beti ni nzuri, korasi ni nzuri, lakini korasi ikiingia hakuna anayeshtuka. Inapita tu kama mstari mwingine wa beti. Mara nyingi korasi haina kosa. Kosa liko kwenye zile sekunde kumi au ishirini zinazoitangulia, kipande kifupi ambacho studio wanakiita prikorasi. Kazi yake ni moja: kumfanya msikilizaji aitamani korasi kabla haijafika.

Ziko njia nyingi za kukiandika, ila karibu zote zinatokana na tatu. Unaweza kupandisha, yaani mahadhi yapande juu huku kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zikikataa kurudi nyumbani, kwenye kodi ambayo wimbo hutulia. Unaweza kubana, yaani misemo ifupishwe na pumzi ipunguzwe. Au unaweza kunyima, yaani utoe vyombo msikilizaji avikose. Nitazipima zote tatu kwa wimbo mmoja, maneno karibu yale yale, ili tofauti ionekane.

Wimbo wa mfano

Niliuandika na dada mmoja aliyekulia kwaya, kwa hiyo tulikuwa tunaelewana kwa do, re, mi. Ufunguo ni C, mwendo ni mapigo 96 kwa dakika. Kipimo kimoja, ile "moja, mbili, tatu, nne" ya mpiga ngoma, kinachukua sekunde 2.5. Kodi za beti ni C, Am, F, G, kila moja kipimo kimoja, kisha zinajirudia. Beti inasema:

*Nimepika wali nazi, sahani nimefunika,*
*Taa zote nimewasha, mlango nimeshindika.*

Ni mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, kama shairi la kawaida. Kila kipande cha mizani 8 kinakaa vipimo viwili: kimoja cha kuimba, kingine karibu chote cha kupumua. Mahadhi yanatembea kati ya do na so. Korasi inaanza do ya juu, kwenye kodi ya C, na neno moja refu: *Njoo*. Halafu: *wali unapoa, njoo.*

Prikorasi yetu ya kwanza ilikuwa hii: *Nakungoja kwa hamu sana, moyo wangu unaumia.* Haikuinua chochote. Nilichukua muda kuona sababu, na zilikuwa tatu kwa pamoja. Sentensi ilikuwa imekamilika, hivyo msikilizaji hakuwa anadai kitu. Kodi ya mwisho ilikuwa C, nyumbani kwenyewe. Na mahadhi yalikuwa yameshagusa do ya juu kwenye neno "moyo", kwa hiyo korasi ilipoifikia noti ile, sikio lilikuwa limeshaizoea.

Dawa ya sababu ya kwanza inafaa njia zote tatu, na Kiswahili kinatusaidia sana hapo. Tuna *-ki-* na *-po-* na *-nge-*, viungo ambavyo vikitamkwa tu msikilizaji anajua kuna jambo linafuata. Ukisema *Kila gari likipita*, umeshamfungulia mtu mlango na hujamwingiza. Tulifika hapa:

*Kila gari likipita,*
*Kila mbwa akibweka,*
*Nasimama, nasimama,*
*Nasema*

na linalosemwa ni korasi yenyewe: *Njoo*. Sentensi inaanza kwenye prikorasi na inaishia kwenye korasi. Bila korasi, haijaisha. Baada ya hapo ndipo swali la kupandisha, kubana au kunyima linapokuja.

Vigezo vya kupimia

Kabla hujachagua, jiulize mambo manne. Kwanza, mwimbaji amebakiwa na noti ngapi juu ya noti ya juu kabisa ya beti, na korasi inazitumia ngapi kati ya hizo? Pili, una mamlaka kiasi gani juu ya biti: unaweza kubadilisha kodi na kutoa chombo kimoja kimoja, au umepewa faili moja lililofungwa? Tatu, bado una maneno ya kusema, au hadithi imeshatosha kwenye beti? Nne, wimbo utasikika wapi zaidi: kwenye simu, kwenye spika kubwa, au jukwaani na bendi?

Sijaweka "ipi ni nzuri zaidi" kati ya vigezo, kwa sababu nimezisikia zote tatu zikifanya kazi na zote tatu zikianguka.

Njia ya kwanza: kupandisha

*Inavyoandikwa.* Unaipa prikorasi kodi zake, na unaitoa kabisa kodi ya nyumbani. Kwenye wimbo wetu tuliweka Dm vipimo viwili, F vipimo viwili, G vipimo vinne. Hakuna C hata mara moja. Angalia pia mwendo wa kodi: kwenye beti zilikuwa zinabadilika kila kipimo, hapa zinakaa viwili, halafu nne. Hili lina maana yake. Beti nayo ilikuwa inaishia G, kwa hiyo sikio limezoea kwamba G hukaa sekunde 2.5 kisha C inarudi. Sasa G inakaa sekunde 10. Kodi ni ile ile, ila ahadi yake imecheleweshwa, na hapo ndipo mvutano unapozaliwa.

Juu ya kodi hizo mahadhi yanapanda ngazi. Mstari wa kwanza unafika fa, wa pili unafika la, wa tatu unarudi kuzunguka so na la kama mtu anayejipanga kuruka, na wa mwisho unafika ti na kukaa. Ti ni jirani wa do ya juu, nusu hatua tu, na iko ndani ya kodi ya G. Hakuna noti inayovuta kwenda nyumbani kuliko hiyo.

Silabi ya kuikalia ti ina uzito wake. Kwanza tulikuwa na *naita*. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo iliyopaswa kuvutwa ni *i*, na irabu hiyo huko juu inabana koo. Dada alikuwa anasikika kama anajikaza. Tulipobadilisha kuwa *nasema*, *se* ikafunguka. Inaanza pigo la kwanza la kipimo cha saba na kuvutwa kipimo kizima, *ma* inaingia mwanzoni mwa kipimo cha nane, halafu mapigo mawili ya mwisho ni ya kuvuta pumzi. Usiyaonee huruma mapigo hayo mawili ukayajaza maneno. Mwimbaji asipopumua pale, do ya kwanza ya korasi itatoka dhaifu.

Kama wimbo wako uko kwenye maina, ile ngazi yenye sauti ya huzuni, mfano Am, nyumbani ni Am, basi hiyo ndiyo ya kunyimwa. Dm kisha E inafanya kazi ile ile, kwa sababu E ina so iliyopandishwa nusu, nayo inavuta kwenda la kama ti inavyovuta kwenda do.

*Inapokwama.* Kosa kubwa ni kufika mapema. Mahadhi yakigusa noti ya korasi ndani ya prikorasi, umeshaitumia. Namna ya kujua ni rahisi: andika noti ya juu kabisa ya kila sehemu, beti, prikorasi, korasi. Kwetu ni so, ti, do ya juu. Zikilingana mbili za mwisho, rudi mezani. Kosa la pili ni mpiga gitaa wa bendi aliyezoea mzunguko wa beti kuingiza C katikati kwa mazoea. Inatosha mara moja tu, na mvutano wote unavuja.

Kisha kuna muda. Vipimo nane ni sekunde 20. Ukiwa na utangulizi wa sekunde 10 na beti ya sekunde 20, korasi ya kwanza inafika sekunde ya 50.

*Inamfaa nani.* Mwimbaji mwenye nafasi juu, na mwandishi anayemiliki kodi zake, hasa anayefanya kazi na mpiga kinanda au gitaa, au na kwaya. Dada yule alikuwa anafika re ya juu bila taabu, kwa hiyo do ya korasi haikuwa ukingoni mwake. Kama korasi yako tayari iko kwenye dari la sauti ya mwimbaji, shusha ufunguo wa wimbo mzima kwanza, au chagua njia nyingine.

Njia ya pili: kubana

*Inavyoandikwa.* Hapa kodi zinabaki zile zile za beti, na mahadhi yanaweza kukaa noti moja au mbili. Kinachobadilika ni pumzi. Beti ilikuwa na mizani 8 kwa kila vipimo viwili. Prikorasi inaleta mizani 8 kwa kipimo kimoja bila pumziko, kisha inakata misemo kuwa ya mizani 4:

Kipimo cha 1: *Kila gari likipita*
Kipimo cha 2: *kila mbwa akibweka*
Kipimo cha 3: *nasimama, natazama*
Kipimo cha 4: *naita*, kisha kimya

Msemo ulikuwa unarudi kila sekunde 5, sasa unarudi kila sekunde 2.5, halafu kila sekunde 1.25. Msikilizaji hahesabu, ila mwili wake unahisi kuna kitu kinasogea. Kisha kipimo cha nne kinapiga breki: silabi tatu, kila moja kwenye pigo lake, na pigo la nne tupu. *Naita* nimeirudisha, kwa sababu hapa sauti iko chini na irabu *i* haimuumizi mtu.

Mizani inatupa zawadi ambayo wengi hawajaitazama kwa karibu. Msemo wa mizani 8 ukiuanza kwenye pigo la kwanza, silabi mbili kwa kila pigo, silabi ya saba inaangukia pigo la nne kamili. Na silabi ya saba ndiyo yenye mkazo: likipita, akibweka. Lugha na ngoma zinakutana zenyewe. Vivyo hivyo *nasimama*, mizani 4: *ma* ya kwanza inaangukia pigo la pili.

*Inapokwama.* Ukiongeza mzani mmoja tu, mambo yanageuka. Tulijaribu *Na kila gari likipita*, mizani 9. Mkazo ukasukumwa kando ya pigo, na silabi ya mwisho ikaangukia kichwani mwa kipimo kinachofuata. Ikasikika *likipiTA*, kama Kiswahili cha mtu aliyejifunza jana. Ukiilazimisha hiyo *na*, ianzishe kabla ya kipimo, ije kama kidokezo, ili *ki* ya *kila* ikae kwenye pigo la kwanza. Kujipima, soma mstari kwa kuongea huku ukipiga meza. Ukijisikia umepotosha neno ili lifuate meza, punguza mzani.

La pili linahusu korasi. Kubana kunafaa tu kama kinachofuata kimefunguka. *Njoo* yetu inavutwa mapigo matatu, kwa hiyo baada ya silabi zile zilizosongamana ni kama mtu ametoka kwenye daladala iliyojaa akapata upepo. Lakini kama korasi yako nayo ina maneno ya kasi, hujamtoa mtu popote.

Na kuna pumzi ya mwimbaji: silabi 24 kwa sekunde 7.5 pasipo kituo. Studio unaweza kurekodi vipande. Jukwaani, mtu anayecheza huku anaimba atahitaji sauti ya pili imbebe msemo mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwandishi aliyenunua biti ya mzunguko mmoja usiobadilika, kwani hahitaji kugusa chochote. Inamfaa mwenye sauti isiyo na noti nyingi juu, na inamfaa anayechana. Inamfaa pia mwenye hadithi ambayo bado haijaisha, maana hapa unapata nafasi ya matendo mawili matatu kwa sekunde 10 tu. Korasi ya kwanza kwenye wimbo wetu ingefika sekunde ya 40 badala ya 50.

Njia ya tatu: kunyima

*Inavyoandikwa.* Hii ni ya prodyuza zaidi kuliko ya kalamu, lakini mwandishi anatakiwa kuiandikia nafasi. Maneno yanapungua: *Kila gari likipita* kwa vipimo viwili, *nasimama* kipimo cha tatu, *nasema* cha nne. Mwanzoni mwa prikorasi kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na besi zinatoka. Linabaki gitaa au kinanda na makofi. Sneya inapiga mara nne kipimo cha pili, mara nane cha tatu, na cha nne kila kitu kinakatwa. *Nasema* inabaki uchi, sauti peke yake. Korasi inapoingia na besi yake, inasikika nzito kuliko ilivyo, kwa sababu kwa sekunde kumi sikio limeishi bila uzito huo.

Waliozoea muziki wa dansi wa Kongo wanaijua hisia hii kwa namna nyingine, pale wimbo unapoacha utulivu wake na sebene kuingia.

Kama umepewa biti kwenye faili moja, huwezi kuitoa besi peke yake, ila unaweza kukata sauti za chini kwa ekwalaiza, kila kilicho chini ya kama Hz 200, kwa vipimo vitatu, halafu kunyamazisha cha nne. Si safi kama kutoa chombo chenyewe, lakini inasaidia.

*Inapokwama.* Spika ya simu haitoi besi ya chini. Ukiondoa kitu ambacho msikilizaji wa simu hakuwa anakisikia tangu mwanzo, hajanyimwa kitu. Sikiliza prikorasi yako kwenye simu bila iafoni. Kama huoni tofauti kati yake na beti, toa pia kitu cha katikati, gitaa la mdundo au hai-hati, ambavyo simu inavitoa vizuri.

Tatizo jingine ni kimya kirefu. Pigo moja la kimya kwa mwendo huu ni sekunde 0.6 hivi, na linatosha. Kipimo kizima kisicho na sauti wala pigo, wachezaji wanasimama, na kuwarudisha ni kazi upya. Na jukwaani, mpiga ngoma asiyeujua wimbo ataujaza uwazi ule kwa nia njema kabisa. Mwambie kabla, na mwonyeshe kwa mkono.

*Inamfaa nani.* Wimbo wa kuchezwa kwenye spika kubwa, mwimbaji ambaye sauti yake inapendeza ikiwa peke yake, na mwandishi aliyekwisha kusema yote kwenye beti. Hahitaji noti ya juu. Anahitaji prodyuza anayekubali kutoa kazi yake mwenyewe kwa vipimo vinne, na wapo wanaoona uchungu.

Jinsi ya kujua kama imefanya kazi

Kwa njia yoyote uliyochagua, mpigie mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo. Anzia katikati ya beti, kisha simamisha pigo moja kabla ya korasi. Usimwulize kama ni nzuri. Mtazame. Akikutazama kwa mshangao, au akasema "endelea", umeshika. Akianza kutoa maoni kwa utulivu, prikorasi yako imemruhusu kutua, na inabidi utafute alipotulia: kodi ya nyumbani, sentensi iliyoisha, au noti iliyotumika mapema.

Kisha imba beti na uingie korasi moja kwa moja, ukiruka prikorasi. Usipokosa kitu, huenda wimbo huo hauhitaji kipande hicho kabisa. Tarabu na nyimbo nyingi za zamani zinatoka beti kwenda kiitikio bila ngazi katikati, na hazina upungufu.

Kwa hali yako

Una biti ya kununua yenye mzunguko mmoja na huwezi kuigusa: bana. Ukiweza kukata sauti za chini kwenye kipimo cha mwisho, ongeza hilo, lakini mzigo ubebwe na maneno.

Unaandikia kwaya au mwimbaji mwenye noti za kutosha, na kuna mtu wa kinanda: pandisha, na ulinde noti ya kwanza ya korasi isiguswe kabla. Ukiona sekunde 20 ni nyingi, gawa kila kodi kwa nusu, Dm kimoja, F kimoja, G viwili. Misemo nayo itabanwa kidogo, na hilo si kosa.

Korasi yako haipandi juu kuliko beti, na hutaki ipande kwa sababu ni wimbo wa kunong'ona: kupandisha hakutakufaa, maana utapanda ngazi isiyo na ghorofa. Nyima, au bana.

Wimbo ni wa ukumbini, watu watausikia wakiwa wamesimama: nyima, kwa vipimo vinne visivyozidi. Wimbo utazunguka zaidi kwenye simu: bana au pandisha, na ukinyima, nyima vya katikati.

Beti ya pili ina habari mpya nzito: acha maneno ya prikorasi yale yale, badilisha njia. Kwenye wimbo ule tulipandisha mara ya kwanza, na mara ya pili tukatoa besi kuanzia *Nasimama*, mahadhi yakibaki vile vile. Mara ya tatu tuliiacha prikorasi kabisa. Baada ya mstari wa mwisho wa beti dada alivuta pumzi, kipaza sauti kikaidaka, na *Njoo* ikaingia.